Klipu ya wima ya ibada inamkata mhubiri na waumini hawaonekani: tafuta shida yako hapa

Hapa naongelea hali moja tu, ile ambayo wengi wetu tunaoshughulika na video za kanisani tunayo: una faili moja la ibada, limelala, 1920 kwa 1080, limetoka kwenye swicha au OBS kamera zote zikiwa zishachanganywa, na sasa unatakiwa utoe klipu za wima za simu, 1080 kwa 1920. Kama kila kamera ilirekodi peke yake na mafaili yote unayo, una bahati, nusu ya haya hayatakuhusu.

Kabla ya dalili yoyote kuna namba moja ya kushika kichwani, nayo ni 608. Ukichukua picha yenye urefu wa 1080 ukataka kipande cha wima cha 9 kwa 16 kinachotumia urefu wote, upana unaobaki ni 607.5, tunasema 608 kwa sababu programu zinapenda namba shufwa. Yaani kati ya pikseli 1920 za upana unabaki na kama theluthi, theluthi mbili zinaenda na maji. Mtu mmoja aliyesimama anaenea vizuri ndani ya 608, watu wawili wanaenea kama wamekaribiana, ila kusanyiko la watu mia mbili haliwezi kuenea hata ufanyeje, na karibu kila malalamiko utakayoyasoma huko chini yanatokana na mtu kulazimisha kitu cha upana wa 1920 kiingie kwenye tundu la 608.

Nitatumia klipu moja kama mfano mpaka mwisho. Ni ya sekunde 47. Sekunde 0 mpaka 14 mhubiri yuko mimbarini, 14 mpaka 19 kamera inaonyesha waumini kutokea mbele, 19 mpaka 38 tunaona mhubiri na mkalimani wamesimama pamoja, alafu 38 mpaka 47 mhubiri anaacha mimbari anatembea kwenda upande wa pili. Ya kwangu ya kwanza ya namna hii niliikropu katikati tangu mwanzo hadi mwisho nikairusha bila kuiangalia yote, na kwa sekunde 19 nzima watu wakawa wanaangalia stendi ya maua iliyokaa katikati ya mhubiri na mkalimani huku sauti mbili zinaongea. Maua yalikuwa kwenye fremu safi kabisa lakini.

Dalili: mwanzo yuko sawa, kamera ikibadilika anapotea

Hii ndo kubwa kuliko zote na wengi wanaitafsiri vibaya, wanadhani programu imeharibika au "imehama". Haijahama. Wewe umeweka dirisha lako la 608 mahali panapofaa kwa kamera ya kwanza, kamera ya pili ilipoingia mtu yuko upande mwingine wa picha, dirisha limebaki palepale. Namna ya kuhakikisha: simamisha video fremu moja kabla ya kamera kubadilika na fremu moja baada yake, kama kabla uso ulikuwa ndani na baada uko nje, jibu umelipata.

Dawa yake ni kuacha kufikiria klipu kama kitu kimoja. Kila shoti ipewe uamuzi wake. Kwenye taimlaini kata pale kamera inapobadilika (Premiere ni Ctrl+K, DaVinci Resolve ni Ctrl+B) alafu kila kipande kisogeze kivyake. Kata picha tu, sauti iache mzima chini yake, usiikate, maana ukianza kukata na sauti utasikia vitiki vidogo kwenye kila mkato na utahangaika kuvisafisha bure. Ila picha ikate hasa kwenye fremu yenyewe, ukikosea kwa fremu moja au mbili kunakuwa na mruko mdogo ambao mtazamaji hajui ni nini lakini anauona, picha inashtuka upande kabla kamera haijabadilika.

Kama klipu ni ndefu na mikato mingi, macho yanachoka, basi waweza kuiuliza ffmpeg, programu ya video unayoiandikia amri, ikuorodheshee mikato iko wapi:

```
ffmpeg -i klipu.mp4 -vf "select='gt(scene,0.3)',showinfo" -an -f null -
```

Kwenye yale maandishi mengi yatakayotoka tafuta `pts_time`, ndo sekunde ya kila mkato. Kama inakosa mikato shusha 0.3 iwe 0.2, kama inaona mikato isiyokuwepo (taa zikiwaka waka wakati wa kwaya inadanganyika sana) panda kidogo. Kwa wale ambao swicha yao ilikuwa inabadilisha kamera kwa kuyeyusha picha moja ndani ya nyingine, hapo itakosa, itabidi ukate kwa mkono, na mi huwa nakata katikati ya huo myeyuko. Haitapendeza sana, ila ni nusu sekunde.

Dalili: yuko ndani ya fremu ila amebanwa ukutani

Sasa shoti ya kwanza ya mfano wetu. Mimbari haiko katikati ya picha, iko kulia, uso wa mhubiri uko kwenye pikseli kama ya 1180 ukihesabu kutoka kushoto. Ukikropu katikati dirisha linaanza 656 na kuishia 1264, kwa hiyo uso upo, lakini uko pembeni kabisa, bega la kulia limekatwa, na kushoto kuna nafasi kubwa ya pazia. Wengi wanaliacha hivo kwa sababu "si anaonekana".

Hesabu ni rahisi: mahali uso ulipo, toa 304 ambayo ni nusu ya dirisha, unapata mahali dirisha lianzie. 1180 toa 304 ni 876. Ila mi singeweka 876. Huyu mhubiri anawaangalia watu walioko kushoto kwake kwenye picha, na mtu anayeangalia upande mmoja akiwekwa katikati kamili anaonekana kama anaongea na kingo ya simu. Mpe nafasi upande anaoangalia. Kwa hiyo natoa 350 badala ya 304, dirisha linaanza 830, uso unakaa kulia kidogo, macho yana pa kwenda. Hizo pikseli 46 zinaonekana chache ila kwenye dirisha la 608 ni nyingi, jaribu zote mbili utaona.

```
ffmpeg -i shoti1.mp4 -vf "crop=608:1080:830:0,scale=1080:1920,setsar=1" -an shoti1_wima.mp4
```

Ile `setsar=1` usiiache. Kwa kuwa 608 si 607.5 kamili, bila hiyo faili linabeba maelezo ya uwiano yasiyo mraba na baadhi ya programu zinakuonyesha uzi mweusi pembeni, alafu unaanza kutafuta kosa mahali ambapo halipo. Namba kubwa kabisa unayoweza kuweka pale kwenye 830 ni 1312, ukizidisha hapo unataka picha iliyo nje ya picha.

Kuhusu juu na chini: ukitumia urefu wote wa 1080 huna uhuru wa kupandisha wala kushusha. Kama kameramani aliacha anga kubwa juu ya kichwa, njia pekee ni kuzumu, mfano kukropu 528 kwa 940 badala ya 608 kwa 1080, na hapo ubora unaanza kulipa deni. Tutafika.

Dalili: anatembea na fremu inamkimbiza kama mbwa

Shoti ya mwisho, mhubiri anatoka 1180 anaenda mpaka 620, anaanza kutembea sekunde ya 3 ya shoti na kusimama sekunde ya 6. Watu hapa wanafanya moja kati ya makosa mawili. Wa kwanza hawasogezi kitu, mtu anatoka nje ya fremu. Wa pili wanaweka vile vialmasi vya Keyframe kila baada ya nusu sekunde wakimfuata kila hatua, kila kuinama, kila kugeuka, na picha inakuwa inayumba mpaka mtu anaona kizunguzungu, ukitazama nyuma ya mhubiri utaona ukuta ndo unacheza.

Unahitaji vialmasi viwili tu. Kimoja mahali anapoanza, kimoja anapoishia, na katikati acha programu isogeze yenyewe kwa ulaini. Na hapa una faida ambayo kameramani hakuwa nayo: wewe unajua anaenda wapi. Kwa hiyo anza kusogeza kabla kidogo hajanyanyua mguu, sekunde ya 2.8 hivi, na maliza kidogo baada ya yeye kusimama, 6.2. Ukifanya hivo inaonekana kama kamera iliongozwa na mtu mwenye akili. Mwisho wa safari amegeuka anaangalia kulia, kwa hiyo mahali pa kuishia si 620 toa 304, ni 620 toa 260, yaani 360, nafasi inahamia upande wa pili.

```
crop=608:1080:'830-470*clip((t-2.8)/3.4,0,1)':0
```

Hiyo iweke mahali pa crop kwenye ile amri ya shoti ya kwanza, inafanya kazi, ila nakwambia ukweli kwa mwendo wa taratibu ffmpeg haipendezi, inasogeza dirisha kwa pikseli nzima nzima na ukishakuza picha ile hatua inaonekana kama kutetemeka. Mwendo mrefu wa polepole fanyia kwenye programu ya kuediti. ffmpeg iachie shoti zilizotulia.

Kitu kinachochanganya zaidi ni pale kamera yenyewe ilikuwa inageuka, zile kamera zinazozungushwa kwa rimoti. Kameramani alichelewa, mhubiri akasogea mpaka karibu na ukingo wa picha, kisha kamera ikamfikia. Kwenye video ya kulala hukuona tatizo, kwenye wima anatoka na kurudi. Ukiweka mwendo wako juu ya mwendo wa kamera unapata miendo miwili inayogombana. Hapo usihesabu anatembea kwenda wapi chumbani, angalia tu uso wake uko pikseli ya ngapi ndani ya picha: uliondoka katikati, ukaenda pembeni, ukarudi. Mara nyingi kama ule mchepuko ni chini ya pikseli 200 hivi, usiguse kitu, dirisha la 608 litauvumilia. Ukizidi, fuata uso kwenda na kurudi kwa vialmasi vitatu. Na kama kamera ilikwenda vibaya sana, weka shoti ya waumini hapo juu uendelee na maisha.

Mtu atauliza, si kuna otomatiki? Ipo, Auto Reframe ya Premiere Pro na Smart Reframe iliyoko DaVinci Resolve Studio, na kwa mtu mmoja anayeongea mbele ya ukuta mtupu zinakuokolea muda. Ibadani zinachanganyikiwa na vitu viwili: kwaya iliyokaa nyuma ya mhubiri, nyuso kumi na tano zote zinamwangalia, na ile skrini kubwa inayomwonyesha mhubiri huyohuyo akiwa mkubwa kuliko mwenyewe. Nimeshaona dirisha limeacha mtu likaenda kwenye skrini likatulia huko. Kama unaitumia, kata shoti kwanza, ndo uiwashe kwa kila shoti, na kwenye Resolve uionyeshe kwa mkono ni nani wa kufuata kwa ile Reference Point badala ya kuiachia Auto.

Dalili: wako wawili, unapata nusu ya kila mmoja

Mhubiri na mkalimani. Hii ndo shoti ya maua. Uso wa mmoja uko 620, wa mwingine 1340, kati yao kuna pikseli 720 na dirisha lako ni 608, hesabu imeshakukatalia hata kabla hujafungua programu. Kanuni yangu: kama nyuso mbili ziko ndani ya 400 hivi zinaenea pamoja na mabega yao, zikizidi hapo acha kubembeleza.

Wengine wanaruka kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine kila anayeongea. Kwa mahojiano inakubalika, ila kwa mhubiri na mkalimani sentensi ni fupi fupi, sekunde mbili huyu sekunde mbili yule, unaishia na mikato kumi ndani ya sekunde 19 na mtazamaji anaumwa shingo. Kinachofanya kazi ni kugawa skrini mara mbili, mmoja juu mmoja chini, kila kipande 1080 kwa 960.

Hapa sasa angalia mtego. Kipande cha 1080 kwa 960 kina uwiano wa 9 kwa 8, kwa hiyo ukitumia urefu wote wa picha ya asili unapata upana wa kama 1215, na ndani ya 1215 wote wawili wanaingia, utakuwa na mhubiri na mkalimani juu, na mhubiri na mkalimani tena chini, kichekesho. Lazima ukropu kidogo zaidi ili kila mmoja awe peke yake. 720 kwa 640 ni 9 kwa 8 kamili na inakaa vizuri:

```
ffmpeg -i shoti3.mp4 -filter_complex "[0:v]split[a][b];[a]crop=720:640:260:120,scale=1080:960,setsar=1[juu];[b]crop=720:640:980:120,scale=1080:960,setsar=1[chini];[juu][chini]vstack[v]" -map "[v]" -an shoti3_wima.mp4
```

Kipande cha kwanza kinaanza 260 kinaishia 980, cha pili kinaanzia hapohapo 980, kwa hiyo hakuna kitu kinachorudiwa. Ile 120 ni umbali kutoka juu ya picha, ibadilishe mpaka macho ya wote wawili yawe kwenye kimo kinachofanana ndani ya vipande vyao. Mmoja akiwa mrefu kuliko mwenzake, kila mmoja apewe namba yake, hakuna sheria inayosema zilingane, na ndo uzuri wa kugawa, unaweza kusawazisha urefu wao. Ila mkono wa mhubiri ukinyooshwa utavuka 980 na kutokea kwenye kipande cha mkalimani, mkono tu hauna mwenyewe. Kama ni mara moja uache, kama anafanya kila sentensi basi sogeza kipande cha pili kianzie 1040 na umkubali mkalimani akae kushoto kidogo ya kipande chake.

Dalili: waumini wamekuwa mtu mmoja anayepiga miayo

Shoti ya pili, sekunde tano za kusanyiko. Ukikropu 608 katikati ya shoti pana ya waumini huwa unapata kitu cha ajabu: mtu mmoja yuko katikati ya fremu, wengine wamekatwa nusu nusu kushoto na kulia, na ghafla klipu inamhusu yeye. Hakuomba. Kusanyiko linaonekana kusanyiko kwa sababu ya upana wake, na upana ndo ulioutupa.

Hapo mi naachana na kujaza skrini. Natumia dirisha lile la 9 kwa 8, 1216 kwa 1080, ambalo linabakisha karibu asilimia 63 ya upana, naliweka katikati ya skrini likiwa 1080 kwa 960, juu na chini panabaki peusi au pa ukungu wa picha hiyohiyo iliyokuzwa:

```
crop=1216:1080:352:0,scale=1080:960,setsar=1,pad=1080:1920:0:480:black
```

Faida nyingine hapa picha inapunguzwa, haikuzwi, kwa hiyo nyuso za watu wa mbali zinabaki kali. Hizo sekunde tano za nafasi nyeusi hazina shida kabisa kwa macho, hasa ukitumia pale juu kuweka mstari wa maneno yanayosemwa. Kuweka picha nzima ya 1920 ndani ya simu inawezekana pia, inatokea utepe wa 1080 kwa 608, lakini kila uso unakuwa kama punje, mi naitumia tu kama ukumbi wenyewe ndo habari, mfano watu wote wamesimama.

Kama unataka lazima ujaze skrini, basi usitafute katikati, tafuta sehemu ya picha ambayo watu wamepangika kwa kina, safu nyuma ya safu. Mara nyingi iko upande, pale kamera inapoangalia safu kwa mshazari, ndani ya 608 unapata nyuso sita saba zinazopanda kuelekea juu na jicho linaelewa kuwa wapo wengi. Shoti iliyopigwa kutokea nyuma ya ukumbi haina cha kuokoa, ni visogo tu chini na mhubiri mdogo juu, itumie kwa sekunde mbili au usiitumie.

Na angalia nani umemleta karibu. Mtu aliyekuwa nukta kwenye video ya kulala, ukishakropu na kukuza anatambulika. Anayelia, anayeombewa, mtoto wa mtu: mi huwa nasogeza dirisha au nachagua sekunde nyingine, au naenda kumuuliza mwenyewe. Jambo lingine linalofanana na hilo, ukichukua waumini wanacheka kutoka dakika nyingine ukawaweka kwenye sentensi ambayo hawakuichekea, waliokuwepo siku ile watajua na watakuambia.

Dalili: picha imekuwa laini kama imepakwa mafuta

Pikseli 608 zimevutwa ziwe 1080, huo ni ukuzaji wa kama mara 1.78, kwa hiyo ulaini kidogo ni haki yake. Swali ni kama ni kidogo au ni mbaya. Ukiona mbaya, chunguza kwa mpangilio huu.

Kwanza faili umelitoa wapi. Kama uliidauniodi kutoka pale mlipokuwa laivu, umechukua nakala iliyobanwa mara mbili, mara ya kwanza wakati wa kuirusha, mara ya pili na mtandao wenyewe, na ukiikuza ule mbano unatokea kama vijiboksi kwenye mashavu na kwenye pazia. Tafuta rekodi iliyobaki kwenye kompyuta ya OBS. Alafu ukaangalie kwenye Settings, Output, kama Recording Quality imewekwa Same as stream, kwa sababu ikiwa hivo hata hiyo rekodi ni ileile iliyobanwa kwa ajili ya mtandao, weka High Quality, Medium File Size, faili litakuwa kubwa ila ibada ijayo utaona tofauti.

Pili, umezumu kiasi gani. Ile 528 kwa 940 niliyoitaja juu ni ukuzaji wa mara 2 na kitu. Mi ndo mwisho wangu. Ukifika mara 2.5 hakuna kichujio cha kunoa kitakachokusaidia, kinanoa na uchafu.

Tatu, kama kwenye mikono inayotembea unaona vimistari vya mlalo kama meno ya kitana, kamera au swicha ilikuwa inatoa 1080i, na huo mstari mmoja mmoja ulikuwa hauonekani mpaka ulipoukuza. Weka `bwdif` mwanzo wa mnyororo, kabla ya crop na kabla ya scale, ukiweka baada ya scale meno yameshakuzwa na hayatoki tena.

Dawa ya kudumu ni kurekodi 4K. Kwenye 3840 kwa 2160 dirisha la wima lina upana wa 1215, linapunguzwa kufika 1080, na unabaki na akiba kidogo ya kuzumu. Ila kuchukua faili la 1080 na kulitoa kama 4K hakuongezi kitu, ni faili zito tu.

Dalili: jina limekatwa, "Mch" limebaki "ch"

Bango la jina na maandiko yaliyochomwa ndani ya picha hayatoki. Ukiyakropu yanakuwa vipande vya herufi, yanaonekana uzembe kuliko kitu chochote. Kama bango linakaa sekunde kumi za mwanzo, anza klipu baada yake. Kama linakaa muda wote, kropu juu yake: bango likianzia kimo cha 860, unachukua 484 kwa 860, na unajua tayari hiyo ni ukuzaji wa mara 2.2, umepita mwisho wangu lakini kwa mhubiri aliyepigwa karibu unaweza kuvumilia. Njia ya tatu ambayo naipenda zaidi, funika eneo hilo na bango lako jipya la wima lenye rangi nzito na uandike jina upya.

Kwa ibada zijazo weka plagini ya Source Record kwenye OBS, unaiweka kama kichujio juu ya kamera yenyewe, inarekodi kamera bila mabango wakati laivu inaendelea na mabango yake. Ukishakuwa na hiyo, mambo ya kukata mikato nayo yanaisha kwa sababu kila kamera ina faili lake.

Dalili: kwenye kompyuta iko safi, kwenye simu uso umefunikwa

Programu za video fupi zinaweka jina la akaunti na maelezo chini, na vitufe kulia. Kwenye kompyuta hivo havipo, kwa hiyo ulipokuwa unaediti mkalimani wa kipande cha chini alikuwa sawa, kwenye simu kidevu chake kimelala chini ya maelezo. Mi nachukulia pikseli 400 za chini na 150 za kulia kama si zangu: picha ipite, ila uso na maandishi visikae huko. Kwenye ule mgawanyo wa vipande viwili maana yake mtu wa chini apandishwe ndani ya kipande chake, ongeza ile 120 iwe 180 kwake peke yake, na maandishi ya tafsiri yakae kwenye mstari unaotenganisha vipande viwili, kimo cha 960, siyo chini. Alafu ipakie kama rasimu, ifungue kwenye simu ndani ya programu yenyewe, na uangalie sekunde ya 19 pale mgawanyo unapoingia, kwa sababu hapo ndo uso unahama ghafla kutoka katikati ya skrini kwenda nusu ya juu na ya chini, na kama macho ya mhubiri yamebaki karibu na pale yalipokuwa kwenye shoti ya kwanza mruko hauonekani.